Vocha ya mbolea hairudishi msimu

Mwaka 2024, shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, liligundua kwamba baadhi ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa kupitia maghala ya NCPB haikufikia viwango. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima kwa mbolea halisi. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni haki: umepewa mbovu, unarudishiwa nzima. Kwa mkulima wa mahindi wa Bahati, hesabu haiishii hapo.

Tuseme alinunua mifuko 4 ya kilo 50 kwa Sh2,500 kila mmoja, akatoa Sh10,000, akapanda masika yalipoanza. Mbolea ya kupandia huwekwa shimoni pamoja na mbegu kwa sababu fosforasi haisafiri mbali udongoni. Sharti mzizi mchanga uikute karibu. Mahindi yakishafika magotini, mifuko mingine 4 ya aina hiyo haiwezi kuokoa mengi. Wakati huo anachohitaji ni mbolea ya kukuzia kama CAN, au mbegu ya zao la muda mfupi, au ujira wa vibarua. Fidia ikija kama vocha ya mbolea ya kupandia, hainunui hata kimoja kati ya hivyo. Pesa hununua vyote, tena kwa muuzaji yeyote.

Vocha pia humrudisha mnunuzi kwa muuzaji yuleyule aliyemwangusha. Muuzaji anabaki na pesa na ndiye anayeamua bidhaa ipi ipo ghalani na lini. Nauli ya safari ya pili hadi ghalani inamwangukia mkulima.

Sheria inampa mkulima msingi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi anaweza kukataa bidhaa mbovu na kudai pesa zake. Lakini mbolea iliyokwisha kufukiwa hairudishwi dukani, kwa hiyo hapo dai lake huwa la fidia ya hasara, na hasara hupimwa kwa shilingi. Aliyebadilisha nia tu, ilhali bidhaa ni nzima, hana msingi huo. Vocha kwake ni hisani.

Kukataa vocha kufanywe kwa maandishi, kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote inayosema dai limemalizika: "Sipokei vocha. Bidhaa haikufaa kazi niliyoinunulia, na msimu wake umepita. Nadai Sh10,000 nilizolipa, na hasara iliyofuata." Ataje tarehe ya mwisho ya kujibiwa, abaki na nakala.

Asipojibiwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Huko hoja hushinda kwa ushahidi: risiti, ujumbe wa simu wa ununuzi, gunia lenye lebo na kiasi cha mbolea kilichobaki. Aliyemwaga yote shambani na kuchoma magunia atapata shida kuthibitisha kwamba mbolea yake ndiyo iliyokuwa mbovu.