Potasiamu Haisubiri Asubuhi

Kijana anafukuliwa akiwa hai kwenye kifusi cha ghorofa. Anaongea, anaomba maji, ndugu wanashukuru Mungu. Kesho yake mkojo ni matone tu, tena mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Misuli ya mapaja iliyobanwa kwa saa nyingi imepasuka na kumwaga potasiamu kwenye damu, na figo ambazo zingeitoa zimegoma.

Hali hii ilielezwa London mwaka 1941 na Eric Bywaters na Desmond Beall, walioona majeruhi wa mabomu wakiokolewa kisha wakifa siku chache baadaye.

Potasiamu ya kijana wetu wa mfano ni milimoli 7.2 kwa lita; ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5. Chembe za damu zikipasuka wakati wa kutoa damu, namba hupanda kwa uongo, kwa hiyo kipimo kinarudiwa. Lakini daktari hangoji jibu, kwa sababu kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mawimbi yaliyochongoka kama mahema. Moyo wa namna hiyo unaweza kusimama ghafla.

Anadungwa kalsiamu mshipani ili kuukinga moyo, kinga ya nusu saa hadi saa moja hivi. Kisha insulini pamoja na glukosi, inayoisukuma potasiamu ndani ya seli. Hapa wengi hudanganyika: namba inashuka, watu wanashusha pumzi, kumbe potasiamu yote bado imo mwilini na baada ya saa chache itarudi. Asiyekojoa, mashine ya kusafisha damu ndiyo itakayoitoa haraka.

Kijana huyu ana mawili zaidi. Dripu alizopewa kuokoa figo sasa zimejaa mapafuni. Anahema akiwa ameketi, na dawa ya kukojoza haikuleta kitu. Damu nayo imejaa tindikali, pH imeshuka chini ya 7.1. Bikaboneti ingeipunguza, ila huja na sodiamu na maji, yaani kumwongezea maji anayezama.

Sumu ni sababu ya peke yake. Mwaka 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi Kenya. Mwili huigeuza kuwa tindikali inayopofusha, na mashine huivuta kwa sababu chembe zake ni ndogo na huyeyuka majini. Sumu zilizong'ang'ania kwenye mafuta ya mwili haziwezi.

Na kreatinini kubwa peke yake? Utafiti wa mwaka 2020 kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 mahututi ulionyesha kwamba kuwahi mashine bila dharura hakukupunguza vifo.

Kijana anaunganishwa usiku huo huo. Saa nne baadaye potasiamu ni 4.6. Muuguzi anaandika kipimo kingine alfajiri, kwa sababu mapaja bado yanavuja.