Mto Urudipo Mlimani: Kukubalika kwa Muujiza katika Hadithi ya Uhalisia Mazingaombwe

Makala haya yanafafanua swali moja la kiutunzi: mwandishi afanye nini ili jamii ya hadithi ilipokee jambo lisilowezekana kana kwamba ni la kila siku? Riwaya ya Kiswahili inao mfano wa karibu. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, marehemu humrudia mjukuu wake, K. Lakini ujio huo ni wa kumtikisa K, wala si desturi ya mtaa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, zimekwenda mbali zaidi: ulimwengu mzima umekuwa wa ajabu, hata hakuna ukawaida wa kupimia ajabu hiyo.

Tuchukue basi Mto Mirongo, ambao hupita katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga maji Ziwa Viktoria. Tuseme kila Alhamisi jioni mto huu hurudi nyuma kuelekea milimani. Mwanagenzi ataandika: "Ghafla, maji yaligeuka, watu wakapigwa na butwaa." Hapo hadithi imekwisha kuharibika, maana kiambishi -li- kimelifanya jambo kuwa tukio, na "ghafla" imemwamuru msomaji ashangae. Kiswahili kina njia mbili bora. Ya kwanza ni hu-, ambayo haina nafsi wala wakati maalumu: "Alhamisi mto hurudi." Ya pili, yenye nguvu zaidi, ni kuuficha muujiza ndani ya kishazi tegemezi: "Maji yarudipo, wauza dagaa huhamishia mikeka upande wa juu." Kishazi kikuu kinazungumzia mikeka, mto umekwisha kukubaliwa kabla msomaji hajapata nafasi ya kuukataa.

Kukubali huko sharti kuonekane katika gharama na ugomvi. Taka zilizotupwa mtoni Jumatatu humrudia aliyezitupa, naye jirani hulalamikia harufu, si mto. Kosa la kawaida hapa ni kumleta mganga aeleze chanzo. Akishaeleza, tuna hadithi ya uchawi, ambayo ina mhusika wa kulaumiwa na dawa ya kutafutwa. (Nimeona rasimu kadhaa zikifia hapo.)

Hata hivyo, hu- ikitawala mwanzo hadi mwisho, hadithi hugeuka maelezo ya mila. Ndipo -li- irudi, mara moja, kwa jambo dogo lenye uzito wa kibinadamu. Mjane wa mvuvi aliyezama aliletewa na mto kandambili moja ya mumewe.

"Ni ya kushoto au ya kulia, mama?" jirani aliuliza.

"Ya kushoto."

"Basi ya kulia ni Alhamisi ijayo."

Mjane aliiosha, akaiweka mlangoni, kisha akaenda kupanga foleni ya maji. Hakuna anayeuliza mto umewezaje. Wanachosubiri, bila kukitamka, ni kile kitakachokuja baada ya kandambili ya pili.