Kwa Nini Jonas Hakuweza Kumwokoa Baba Yake

Ukirudi miaka sitini nyuma ukamuua babu yako kabla hajaoa, wewe utazaliwaje? Na kama hukuzaliwa, aliyemuua ni nani? Hapo ndipo wanapokwama waandishi wengi wa tamthilia za kusafiri katika wakati, na mtazamaji wa siku hizi, mwenye uwezo wa kurudisha picha nyuma, hawasamehi.

Wengi hukimbilia ulimwengu sambamba. Badiliko linazaa dunia nyingine: babu anakufa kule, huku yu mzima. Mgongano umekwisha, ila na machungu yamepungua, maana kila marehemu ana pacha wake anayepumua mahali pengine.

Baran bo Odar na Jantje Friese, waliotunga tamthilia ya Kijerumani Dark (2017–2020), walianza na njia ngumu zaidi: yaliyopita hayabadiliki, kwa sababu msafiri alikuwa tayari ndani yake. (Kama hujaitazama, ishia hapa.)

Mwaka 2019, katika mji wa Winden, mtoto Mikkel anapotelea pangoni na kutokea mwaka 1986. Nesi mmoja anamlea, anakua, anaitwa Michael, anaoa na kumzaa Jonas. Kisha, tarehe 21 Juni 2019, miezi michache kabla Mikkel mdogo hajapotea, Michael anajinyonga na kuacha barua. Jonas anapopata njia ya kurudi, anamfuata baba yake siku moja kabla ya kifo, amzuie. Baba anamshangaa: hakuwa na wazo la kujiua. Analisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanawe. Aliyekuja kuzuia ndiye aliyeleta.

Tazama jinsi fundo lilivyofungwa. Mwandishi hakumzuia Jonas kwa nguvu za ajabu. Alimwacha afanye atakalo, kisha akakifanya kitendo chake kuwa chanzo cha kile alichokikimbia. Kazi ya namna hiyo haiandikwi kwa kubahatisha, kwani mwisho lazima ujulikane kabla ya mwanzo.

Njia hii nayo ina deni lake. Fundi saa Tannhaus anaikamilisha mashine ya wakati kwa kuitazama ile iliyokwisha kukamilika. Basi nani aliibuni? Hakuna. Si mgongano, kwa kuwa hakuna matukio mawili yanayokanushana, lakini ni kitu kisicho na asili.

Msimu wa tatu, watunzi walihitaji mlango wa kutokea. Wakaleta ulimwengu wa pili, kisha wakasema kwamba wakati wa maangamizi saa husimama kidogo, na katika kitambo hicho mtu aweza kufuata njia mbili. Kimantiki inakubalika. Kwangu mimi, hata hivyo, kanuni nzito kiasi hicho ilipaswa kudokezwa waziwazi tangu msimu wa kwanza. Ikija mwishoni, inanuka dawa iliyochemshwa baada ya mgonjwa kuzidiwa.