Safura, askarisi na kichocho: mlango wa kuingilia na dawa yake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi mayai ya minyoo yanavyotambuliwa kwa hadubini. Leo tuchukue swali moja la mtihani wa utabibu, la aina inayowakosesha wanafunzi alama kila mwaka.

Mvulana wa miaka 11, mwenye uzito wa kilo 30, anaishi kijijini Pemba. Hutembea pekupeku na huoga kijitoni. Viganja vyake vimepauka, na anapomaliza kukojoa hutoka damu. Mkojo wake una mayai yenye mwiba nchani. Choo chake kina mayai ya minyoo ya safura. Swali: kila mnyoo umeingiaje, na atibiwe kwa dawa gani?

Wengi huona kwamba minyoo yote miwili imepita kwenye ngozi, wakaandika albendazoli peke yake. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu mlango wa kuingilia hauchagui dawa. Umbo la mnyoo ndilo linalochagua.

Tuanze na safura. Yai hutoka na choo, likaanguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na ndani ya siku moja au mbili lava huanguliwa. Baada ya siku 5 hadi 10 lava hiyo inaweza kutoboa ngozi ya mguu. Huingia kwenye damu, ikafika mapafuni, ikapanda hadi kooni, ikamezwa, kisha ikakomaa kwenye utumbo mdogo. Huko mnyoo huung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mmoja hunywa kidogo sana, lakini mamia yakinywa kila siku kwa miezi, mtoto asiyepata chakula chenye madini ya chuma hupauka kama huyu.

Askarisi hawamo katika swali letu, ila mtungaji hupenda kuwaweka kama mtego, maana nao hupita mapafuni. Tofauti ni kwamba yai la askarisi humezwa pamoja na chakula, maji au vidole vichafu. Tena yai lililotoka leo haliambukizi leo. Hukaa kwenye udongo wiki mbili au zaidi kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma "kikohozi na mapafu" asikimbilie kuandika "ngozi".

Kichocho kina safari ya peke yake. Chumvi ya mkojo huzuia yai lisianguliwe, lakini likifika kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, hupasuka na kutoa kijimelea chenye vinyweleo kinachoogelea. Kijimelea hicho lazima kimpate konokono, kwa kichocho cha mkojo awe wa jamii ya Bulinus, ndani ya takriban siku moja, kikimkosa hufa. Ndani ya konokono huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka sekaria wenye mkia uliogawanyika. Hao hupenya ngozi ya muogaji kwa dakika chache tu. Nao hupita mapafuni, ila hawapandi kooni: hubaki kwenye damu hadi mishipa ya kibofu, ambako dume na jike huishi wakiwa wameungana.

Sasa dawa. Safura na askarisi ni minyoo ya mviringo. Albendazoli huvuruga protini inayojenga mifereji midogo ndani ya seli zao, wakashindwa kufyonza sukari. Miligramu 400 mara moja humtosha mvulana huyu. Mnyoo wa kichocho ni bapa, na dawa yake ni prazikwanteli, ambayo huifurikisha misuli yake kwa kalsiamu hadi ikakakamaa na ngozi yake ikaharibika. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo: 40 mara 30 ni 1,200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600, vimezwe pamoja na chakula. Jibu kamili basi ni dawa zote mbili, na vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya damu iliyopungua.

Swali lina kipande cha pili: baada ya wiki 6 mayai bado yanaonekana kwenye mkojo. Je, dawa imeshindwa? Si lazima. Prazikwanteli huua minyoo mikomavu, lakini ile michanga ya wiki chache huistahimili, nayo hukomaa baadaye na kuanza kutaga. Pia mayai yaliyokwama kwenye ukuta wa kibofu huendelea kutoka yakiwa yamekufa. Ili kujua, chukua mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, uchanganye na maji safi yasiyo na chumvi, kisha angalia. Vijimelea vikianza kuogelea, minyoo hai ingalipo, na mtoto apewe dozi nyingine.