Pesa ya mkononi na faida ya kweli: hesabu za duka la mchele Mutarule

Mfanyabiashara mdogo anaweza kuandika hesabu zake kwa njia mbili. Katika hesabu za pesa taslimu, mauzo huandikwa siku pesa inapoingia na gharama huandikwa siku pesa inapotoka. Mchele uliokopeshwa leo hauhesabiwi kuwa mauzo mpaka mteja alipe. Katika hesabu za malimbikizo, kinachotazamwa ni tukio lenyewe: mauzo huandikwa siku bidhaa inapokabidhiwa, hata kama malipo yatakuja mwezi ujao, na gharama huwekwa katika kipindi ilichokitumikia, hata kama ililipwa mapema au haijalipwa bado. Bidhaa iliyo stoo haijawa gharama. Inakuwa gharama siku inapouzwa.

Kwa kinyozi au fundi wa kuchaji simu, njia hizo mbili hutoa karibu jibu moja, kwa sababu hana stoo na wateja wake hulipa papo hapo. Tofauti hujitokeza kwa mchuuzi anayenunua, anayeweka na anayekopesha. Mutarule, katika bonde la Ruzizi kaskazini ya mji wa Uvira, biashara ya mchele ina mambo yote matatu: mchele hununuliwa kwa wingi wakati wa mavuno, hukaa stoo ukingoja bei, na sehemu yake hutoka kwa deni kwa majirani wanaojulikana.

Namba za mfano zitalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwanamke mmoja anafungua duka Mutarule kwa mtaji wa dola 3,000. Mwezi wa kwanza ananunua magunia 50 ya mchele kwa dola 40 kila gunia, analipa 2,000 taslimu. Analipa kodi ya chumba ya miezi sita kwa mkupuo, dola 120. Wabebaji na mlinzi wanachukua 50. Depo moja ya Uvira inampa chumvi na sukari za dola 400 kwa deni. Katika mwezi huo anauza magunia 20 kwa dola 50 kila moja; 14 yanalipwa papo hapo na 6 yanakwenda kwa deni. Nusu ya chumvi na sukari inauzwa taslimu kwa 240.

Daftari la pesa linasema hivi: zimeingia 940, zimetoka 2,170, pungufu ni 1,230. Mtu anayesoma daftari hilo peke yake atadhani duka linakufa. Ukweli ni kwamba magunia 20 yaliyouzwa yaligharimu 800, na chumvi na sukari zilizouzwa ziligharimu 200. Mauzo yote, ya taslimu na ya deni, ni 1,240. Ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa inabaki 240. Ukitoa kodi ya mwezi mmoja tu, yaani 20, pamoja na zile 50 za wabebaji na mlinzi, faida ni dola 170.

Mwezi wa pili mambo yanageuka. Hanunui kitu. Anauza magunia 30 yaliyobaki kwa bei ileile, 25 kwa taslimu na 5 kwa deni. Anamaliza chumvi na sukari kwa 240 taslimu, na wateja wa mwezi uliopita wanamlipa 200 kati ya 300 walizodaiwa. Analipa wabebaji na mlinzi 50. Depo hajailipa bado. Daftari la pesa sasa linaonyesha ziada ya 1,640, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ile hofu ya mwezi wa kwanza. Kasha limejaa, na kasha lililojaa huita mabati, pikipiki na michango ya harusi. Lakini faida ya mwezi huo ni dola 270 tu. Sehemu kubwa ya ziada ile ni mtaji uliokuwa umelala katika magunia, sasa umerudi kuwa pesa, na ndani yake zimo 400 za depo.

Miezi miwili ikijumlishwa, pesa taslimu inatoa ziada ya 410 na malimbikizo yanatoa faida ya 440. Njia hizo mbili zimekaribiana, na zitazidi kukaribiana kadiri bidhaa zinavyoisha na madeni yanavyolipwa. Kwa hiyo ubishi kati yake ni wa wakati: faida ni ya mwezi upi. Kwa mtu anayefunga hesabu mara moja baada ya miaka mingi, ubishi huo hauna maana. Kwa mtu anayetaka kujua mwezi huu anaweza kutoa kiasi gani dukani bila kula mtaji, ubishi huo ndio kila kitu.

Malimbikizo nayo yana upofu wake. Katika faida ile ya 440 zimo dola 350 ambazo bado ziko mikononi mwa wateja. Ikiwa dola 100 za mwezi wa kwanza ambazo hazijalipwa ni za mtu aliyehama, faida ya kweli ni 340, na deni hilo linapaswa kufutwa katika hesabu badala ya kubebwa mwaka hadi mwaka kama mali. Alama ya kuangalia ni umri wa deni. Deni linalozidi muda ambao mteja huyo hulipa kwa kawaida ni la kutiliwa shaka, hata kama mwenyewe bado anasalimia vizuri njiani. Tena, depo haipokei faida ya kwenye karatasi. Duka linaweza kuwa na faida nzuri na likakosa pesa ya kulipa siku iliyoahidiwa, na hilo huonekana katika daftari la pesa tu.

Ndiyo maana kwa duka dogo jibu halipatikani kwa kuchagua njia moja na kuiacha nyingine. Kinacholifaa ni daftari la pesa linaloandikwa kila siku, kisha marekebisho machache mwisho wa kipindi. Chukua ziada au pungufu ya pesa. Ongeza thamani ya bidhaa iliyopo ikiwa imezidi ile ya mwanzo, au punguza ikiwa imeshuka. Fanya vivyo hivyo kwa madeni ya wateja na kwa malipo yaliyotangulizwa kama kodi ya chumba. Madeni ya depo hufanya kinyume: yakiongezeka yanapunguza. Kwa mwezi wa kwanza wa mfano huu: pungufu ya 1,230, ongeza bidhaa 1,400, ongeza wateja 300, ongeza kodi iliyotangulizwa 100, toa depo 400. Jibu ni 170, ileile faida iliyopatikana kwa njia ndefu.

Huu si ujanja wa mtaani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi za Afrika, tangu mwaka 2012. Sheria yake ya uhasibu iliyopitishwa Brazzaville tarehe 26 Januari 2017, na kuanza kutumika mwaka 2018, inaziruhusu biashara ndogo kufuata mfumo mwepesi unaofupishwa SMT. Msingi wake ni daftari la mapato na matumizi ya pesa, na mwisho wa mwaka matokeo hurekebishwa kwa mabadiliko ya bidhaa, ya madeni ya pande zote mbili, na kwa uchakavu wa vifaa kama mizani au friji. Kwa biashara ya kuuza bidhaa, mlango wa mfumo huo ni mauzo ya mwaka yasiyofikia faranga za CFA milioni 60 au kiasi kinacholingana nazo, yaani karibu yuro 91,500. Maduka ya aina ya Mutarule yanaingia humo bila shida. Anayevuka kiwango hicho hutakiwa kuandika hesabu kamili za pande mbili, na hapo atahitaji mhasibu.

Ugumu wa marekebisho hauko katika kujumlisha. Uko katika kuhesabu bidhaa. Magunia yaliyobaki huthaminiwa kwa bei ya kununulia, pamoja na usafiri wa kuyafikisha stoo. Wengi huyathamini kwa bei ya kuuzia, na hivyo kujipa faida ya mchele ambao bado haujatoka dukani. Bei ya soko ikipanda, gunia la dola 40 hubaki 40 kitabuni mpaka liuzwe. Ikishuka chini ya 40, au fukusi wakiingia, thamani hushushwa mara moja. Kutolingana huku kumekusudiwa: hasara inayoonekana huandikwa mapema, faida inayotarajiwa husubiri.

Pesa anayochukua mwenye duka kwa ajili ya nyumbani ni sehemu nyingine inayoharibu hesabu. Karo ya watoto si gharama ya biashara, wala haipunguzi faida. Ni mwenye mali kuchukua sehemu ya mali yake, na inahitaji safu yake katika daftari. Safu hiyo ikiwepo, hesabu nzima inaweza kupimwa. Mtaji wa mwanzo, ongeza faida, toa alichochukua, unapaswa kuwa sawa na pesa iliyopo pamoja na bidhaa, madeni ya wateja na malipo yaliyotangulizwa, ukitoa madeni ya depo. Baada ya miezi miwili mwanamke wa mfano ana 3,410 katika kasha, 350 kwa wateja na 80 za kodi iliyobaki, na anadaiwa 400: jumla 3,440, sawasawa na 3,000 na 440. Kama angepata 3,300, angejua kuna 140 zilizoibiwa, zilizosahauliwa kuandikwa, au zilizoliwa nyumbani kimyakimya. Mara nyingi ni hizo za mwisho.

Sarafu huongeza kazi katika eneo hili, kwa kuwa depo hudai dola na wateja wengi hulipa faranga. Hesabu za kisheria huandikwa kwa sarafu halali ya nchi, yaani faranga za Kongo. Deni la depo basi hubadilishwa kwa kiwango cha siku lilipochukuliwa, na kutazamwa tena siku ya kufunga hesabu. Faranga ikiwa imeshuka thamani, tofauti ni hasara hata kama hakuna pesa iliyotoka. Daftari la pesa peke yake litaificha hasara hiyo mpaka siku ya kulipa.

Mchuuzi wa ndakala anayenunua asubuhi na kumaliza jioni kwa taslimu hana haja ya haya yote. Daftari lake la pesa linatosha, na kumlazimisha zaidi ni kumpotezea muda. Mwenye stoo ya mchele na orodha ya wadaiwa anapaswa kuhesabu bidhaa na madeni angalau kila baada ya miezi mitatu, na tarehe 31 Desemba kwa ajili ya hesabu za mwaka. Mara moja kati ya hizo iangukie kabla tu ya mavuno mapya: magunia ni machache wakati huo, kuhesabu huchukua saa moja, na ndipo anapohitaji kujua ana mtaji wa kununua mangapi.