Riba kwa Mteja wa Zamani

Wiki hii, wasikilizaji wangu, nataka tuzungumze na wale wanaouza mali kauli. Tuchukue muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi pale Kariakoo. Amempa mteja nondo na saruji za shilingi 1,200,000, alipe baada ya siku 30. Mteja analipa siku ya 75. Kama muuzaji naye amekopa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka, zile siku 45 zimemgharimu karibu shilingi 600 kila siku, jumla karibu shilingi 27,000.

Si ajabu basi akaamua kutoza riba kwa wanaochelewa. Ubaya uko katika namna ya kuanza. Mteja wa miaka kumi anafungua bahasha ya mwisho wa mwezi, anakuta mstari mpya chini ya deni lake, naye hakuambiwa neno. Mali ile aliichukua kwa masharti ya zamani, na upande mmoja haubadilishi mapatano peke yake; hata mahakamani riba hiyo ni ngumu kuidai. Zaidi ya hayo, mteja anaona ameitwa mwizi, na duka la jirani liko wazi.

Mimi ningechagua tarehe, tuseme miezi miwili mbele, na riba ihusu ankara zitakazoandikwa kuanzia siku hiyo tu. Madeni ya nyuma yabaki yalivyo. Barua iende kwa wateja wote, wanaolipa vizuri na wanaosumbua, asije mtu akadhani amelengwa yeye. Itaje kiwango, siku kinapoanza kuhesabiwa, na mfano wa shilingi kama huu wetu. Wateja wakubwa apelekewe kila mmoja kwa mkono, na mwenye duka mwenyewe wala si karani, na atie saini nakala. Na anayelalamika kwamba saruji ililetwa imeganda, asitozwe mpaka lalamiko limalizwe.

Lakini hapa Pwani wateja wengi ni Waislamu, na riba kwao ni haramu. Huyo mpe bei mbili siku ya kununua, ya taslimu na ya mkopo, achague moja na isibadilike tena. Akichelewa haongezewi kitu, ila hapewi mali nyingine mpaka alipe. Njia hii hairudishi zile 27,000 zote, lakini inazuia deni lisikue.

Kosa la kwanza la mteja, iandike riba kwenye hesabu yake kisha uikate kwa kalamu, aone kiasi alichosamehewa. La pili, toza. Ukisamehe na hilo, atakayekuja na la tatu hataisoma tena barua yako.