Shilingi 30 Zilizozidi

Fundi wa majokofu ya viwandani anatumwa na kampuni yake kutoka Nairobi kwenda Kisumu. Kazi ni ya siku mbili na nusu, kwa hiyo atalala huko usiku mara mbili. Waraka wa safari za kikazi aliopewa unasema kikomo cha chumba Kisumu ni shilingi 10,000 kwa usiku. Anapiga simu hotelini, anaambiwa chumba ni shilingi 8,500, anafurahi na kuhifadhi. Siku ya kuondoka anapewa ankara ya shilingi 20,060. Akigawanya kwa mbili anapata 10,030 kwa usiku. Amezidi kikomo kwa shilingi 30.

Fundi huyu ni wa mfano tu, lakini mkasa wake unatokea kila wiki katika ofisi za uhasibu. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Bei aliyotajiwa kwenye simu ilikuwa ya chumba kitupu, kabla ya kodi. Juu ya zile 8,500, hoteli iliongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ambayo nchini Kenya ni asilimia 16, nayo ikawa shilingi 1,360. Kisha ikaongeza tozo ya utalii ya asilimia 2, shilingi 170. Jumla ndiyo hiyo 10,030. Baadhi ya hoteli huongeza pia malipo ya huduma, na hapo pengo hupanuka zaidi.

Kosa lilikuwa kwenye waraka. Uliandika “kikomo ni shilingi 10,000” bila kusema kama kodi imo au haimo. Neno moja likikosekana, mhasibu anasoma hivi na msafiri anasoma vile, na kila mmoja ana haki kwa usomaji wake. Kampuni nyingi zinazoandika waraka mzuri huweka kikomo kinachojumuisha kodi, tozo na kifungua kinywa, kwa sababu hicho ndicho kiasi kitakachotoka benki. Wengine huweka kikomo cha bei kabla ya kodi, kwa hoja kwamba mfanyakazi hana uwezo wa kujadiliana na serikali kuhusu kodi. Njia zote mbili zinafaa, ila ni lazima iliyochaguliwa iandikwe.

Kikomo chenyewe hakitungwi kwa kukisia. Ofisi ya utawala huomba bei kutoka kwa hoteli kadhaa za mji husika, huangalia ankara za mwaka uliopita, kisha huweka kiwango kitakachomwezesha mfanyakazi kupata chumba safi na salama karibu na anakofanyia kazi. Ndiyo maana kiwango cha Kisumu hakiwi sawa na cha Mombasa au Nairobi. Serikali nayo hufanya hivyo: Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, hupanga posho za safari za watumishi wa umma kwa kuzingatia cheo cha mtumishi na mji anaokwenda.

Tarehe nazo zina nguvu. Naivasha katika wiki ya kawaida si Naivasha ya wiki ya mbio za magari za Safari Rally, ambazo zilirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Mombasa ya mwezi Mei si ile ya Desemba, watu wanapoteremka pwani kwa likizo. Kikomo kisichobadilika mwaka mzima humlazimisha msafiri achague kati ya mambo mawili mabaya: kulala mbali na kazi, au kujilipia tofauti kutoka mfukoni mwake. Waraka wenye busara hutaja vipindi hivyo mapema na kuvipa kiwango chake.

Orodha ya hoteli zilizoidhinishwa huja hapo, na ndiyo sehemu inayolalamikiwa sana. Wafanyakazi wengi hudhani mkubwa fulani ameweka hoteli ya rafiki yake. Orodha inayotengenezwa vizuri ina sababu nyingine. Kampuni inayoahidi kupeleka wageni mara kwa mara hupewa bei ya mkataba, nayo hoteli hukubali kupokea hati ya agizo, ile inayojulikana kama LPO, ilipwe baadaye kwa muda waliokubaliana. Fundi anaingia chumbani bila kutoa hata shilingi yake. Watu wa usalama hukagua milango ya dharura, walinzi, na kama jenereta inawaka umeme ukikatika.

Lakini bei ya mkataba ina mtego wake, na wanaojadiliana kwa mara ya kwanza hunaswa. Mikataba ni ya aina mbili. Katika moja, hoteli inaahidi kutoa bei hiyo mradi bado ina chumba cha aina hiyo, hata kama kimebaki kimoja. Katika nyingine, hoteli hutenga vyumba vichache tu kwa bei hiyo, na vikijaa, mgeni anaambiwa alipe bei ya siku ingawa ghorofa nzima iko tupu. Tofauti hiyo huandikwa kwa sentensi moja. Dalili ya kwamba kampuni imepata mkataba wa pili ni wafanyakazi kurudi na maelezo yaleyale kila mara: “Nilipiga simu, wakasema vyumba vya kampuni vimekwisha.”

Kuhusu kuhifadhi chumba, kanuni ya kawaida ni kwamba kila kitu kipitie kwa mtu mmoja ofisini, siku kadhaa kabla ya safari. Wengi huona huo ni urasimu, hasa wanapoona kwenye simu zao chumba cha bei ya chini kuliko cha mkataba. Mara nyingi bei hiyo ya chini ni ya kulipa papo hapo, na pesa hazirudi safari ikiahirishwa. Bei ya mkataba kwa kawaida hukuruhusu kufuta bila gharama hadi saa 24 au 48 kabla ya kufika. Mgeni asipotokea bila kutoa taarifa, hoteli hudai usiku mmoja. Kwa mafundi, ambao safari zao hubadilika kwa sababu kipuri hakijafika, ruhusa hiyo ya kufuta ina thamani kuliko punguzo la shilingi 700.

Tatizo la pili la kuhifadhi kupitia kampuni ya mtandaoni hujitokeza siku ya kuondoka. Fundi anaomba ankara, naye mpokezi anamjibu kwamba pesa zake hazikulipwa hotelini bali kwa kampuni ya mtandaoni, hivyo aiombe huko. Huko anapata barua pepe ya uthibitisho, ambayo haitoshi kwa mhasibu wake.

Haitoshi kwa sababu ya sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara nchini Kenya ambayo haina ankara iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato, KRA, haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa aina chache zilizoruhusiwa. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30. Turudi kwa fundi wetu: usiku mbili kwa 8,500 ni shilingi 17,000. Ankara sahihi ikikosekana, kampuni yenye faida italipa kodi ya shilingi 5,100 zaidi, kana kwamba pesa hizo hazikutumika kabisa. Mhasibu anayesumbuka kwa kipande cha karatasi anazisumbukia hizo 5,100. Zile shilingi 30 ni jambo dogo kando yake.

Ankara inayokubalika hutambulika kwa macho. Ina jina na PIN ya muuzaji, namba ya ankara, tarehe, mchanganuo wa kodi, na msimbo wa QR ambao simu ikiusoma hufungua kumbukumbu za KRA zikionyesha kiasi kilekile. Lazima pia iwe na jina na PIN ya mnunuzi, yaani kampuni. Fundi akiondoka na ankara yenye jina lake mwenyewe, au iliyoandikwa “mteja wa taslimu”, kampuni haionekani popote. Kurekebisha baada ya siku kumi, akiwa Nairobi na hoteli iko Kisumu, ni kazi ngumu. Kurekebisha akiwa bado amesimama kaunta ni dakika tano.

Ujumbe wa M-Pesa nao huchanganya watu wengi. Unathibitisha kwamba pesa zimetoka kwenye simu moja kwenda mahali fulani. Hausemi kilichonunuliwa, wala kodi iliyotozwa. Uambatanishwe, ila hauwezi kusimama peke yake.

Tiketi ya ndege ni miongoni mwa zilizoruhusiwa bila ankara ya eTIMS. Hata hivyo waraka nyingi huomba pia kipande cha kupandia ndege, kwa kuwa tiketi inaweza kununuliwa, ikafutwa na pesa zikarudishwa. Kwa muuzaji mdogo ambaye hajajiunga na mfumo, sheria ya mwishoni mwa 2024 ilimruhusu mnunuzi aanzishe ankara yeye mwenyewe kwa niaba ya muuzaji mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, kwa ridhaa ya muuzaji huyo. Hiyo imesaidia kampuni zinazolisha mafundi kwa mama ntilie wa karibu na kiwanda.

Posho ya kila siku ni njia nyingine. Anayelipwa posho haleti risiti ya kila kikombe cha chai. Analeta ushahidi kwamba alisafiri. Tangu Julai 2025, posho isiyozidi shilingi 10,000 kwa siku haihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 2,000 tu. Waraka ni lazima useme ni gharama zipi zinalipwa kwa posho na zipi kwa ankara. Usiposema, chakula hulipwa mara mbili: kifungua kinywa kimo kwenye bei ya chumba, na pesa yake imo kwenye posho.

Wakaguzi wa ndani wana ishara wanazozitafuta. Risiti tatu za mkahawa mmoja zenye tarehe tofauti lakini namba zinazofuatana. Ankara ya chumba kimoja yenye kiasi kinachotosha watu wawili. Risiti iliyofifia hadi haisomeki. Hii ya mwisho mara nyingi haina hila yoyote: karatasi za mashine huandikwa kwa joto, na joto la dashibodi ya gari huzifuta. Ndiyo sababu kampuni nyingi hutaka risiti ipigwe picha siku hiyohiyo. Muda wa kuwasilisha pia huwekwa. Kwa watumishi wa umma Kenya, kanuni za fedha za 2015 zinataka masurufu yarejeshewe hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni, la sivyo hukatwa kwenye mshahara.

Na zile shilingi 60 za usiku mbili? Katika kampuni ya mfano wetu, mhasibu alizipitisha, kisha akaomba waraka urekebishwe. Kifungu kipya kinasema: kikomo cha Kisumu ni shilingi 10,500 kwa usiku, kodi, tozo na kifungua kinywa vikiwemo; hoteli za orodha zikijaa, msafiri atume majibu ya hoteli mbili kwa barua pepe na apate kibali kabla ya kulala. Mwezi uliofuata fundi alirudi Kisumu kubadilisha kikandamiza hewa kilekile. Kabla ya kuuliza bei, aliuliza kama kodi imo. Asubuhi ya kuondoka alimsomea mpokezi PIN ya kampuni tarakimu kwa tarakimu, akasoma msimbo wa QR kwa simu yake, akaona jumla inalingana, ndipo akabeba sanduku lake la vifaa.